Umefanya kazi laundri ya hoteli nje na sasa unarudi nyumbani? Mwongozo kamili wa kuanzisha laundri yako

Watu wengi walioko nje wakianza kuwaza kurudi, mawazo yao yanaenda kwenye biashara ambayo hawajawahi kuigusa. Yani mtu kapiga kazi miaka kibao laundri ya hoteli, anaijua shuka kwa kuishika tu, alafu akirudi anafungua duka la vipodozi au ananunua gari la kukodisha kwa sababu ndo ameona wenzake wanafanya. Sasa kinachotokea ni kwamba akiba yake ndo inalipia masomo, anajifunza biashara mpya kwa hela aliyoitolea jasho miaka yote hiyo, na akija kuielewa hela imeshaisha. Ushauri wangu ni biashara itoke kwenye kazi uliyokuwa unaifanya, ile mikono yako imeshaizoea.

Kama ulikuwa fundi wa AC, anza na mikataba ya kusafisha na kukagua AC za maofisi kila miezi mitatu, usianze na duka la kuziuza. Kama ulikuwa unalea wazee, kuna hela kwenye kuhudumia wagonjwa majumbani na kufundisha wahudumu wengine. Kama ulikuwa msafishaji wa majengo, nenda kwenye kusafisha nyumba zilizotoka kujengwa, makapeti na vioo, mtaji wake ni mdogo. Ila kama ulikuwa unaendesha krini au foklifti, hapo nakwambia ukweli, ujuzi wako unategemea mashine ya bei kubwa ya mtu mwingine, kwa hiyo tafuta ajira nzuri kwanza na akiba iache itulie.

Hapa nataka niende na mfano mmoja mpaka mwisho, laundri ya kufulia gesti na hoteli ndogo, kwa sababu waliofanya hii kazi nje ni wengi na wachache sana wanaoirudia nyumbani.

Hatua ya kwanza: jifunze usichokijua ukiwa bado huko huko

Laundri ya hoteli ina vituo vyake. Kuna kupokea na kuchambua, kufua, kukausha, kunyoosha kwenye ile mashine ndefu ya roli, kukunja, na kutoa mzigo. Wafanyakazi wengi wanakaa kituo kimoja au viwili miaka yote, kwa hiyo miezi sita kabla hujaondoka muombe msimamizi wako akuzungushe zamu, hata kama ni kubadilishana na mwenzako.

Kitu kinachowaangusha wengi ni dawa. Kwenye hoteli kubwa sabuni inaingia yenyewe kwa pampu, wewe unabonyeza namba ya programu na kuondoka, kwa hiyo unaweza kufua miaka yote hiyo bila kujua mzigo wa kilo 10 unakula mililita ngapi za sabuni. Ukirudi nyumbani pampu haipo, upo wewe na dumu. Kwa hiyo yule fundi wa kampuni ya dawa anayekuja kupima na kurekebisha pampu, siku akija kaa naye karibu, muulize kipimo kwa kilo moja ya nguo kavu, shuka kiasi gani, taulo kiasi gani, muulize blichi inaingia dakika ya ngapi na maji yakiwa na joto kiasi gani. Andika kwenye daftari lako mwenyewe kwa maneno yako. Makaratasi ya mwajiri usiyabebe.

Na mpangilio wenyewe uwe nao kichwani: kusuuza kwa maji ya baridi kwanza, kufua kwa maji ya moto na sabuni, blichi kwa nguo nyeupe, kusuuza mara mbili au tatu, alafu dawa kidogo ya kuondoa ukali wa sabuni mwishoni. Yale maji ya baridi ya mwanzo usiyaruke kamwe, maana damu na uchafu wa chakula ukikutana na maji ya moto moja kwa moja unaganda ndani ya uzi na hautoki tena.

Kabla hujakata tiketi, hakikisha mafao yako ya mwisho yamelipwa na barua ya utumishi unayo mkononi, iwe imetaja kazi uliyofanya na miaka. Kuvidai hivyo vitu ukiwa umeshaondoka ni kazi ngumu mno. Na mashine za bei rahisi unazoziona huko usikimbilie kuzipakia kwenye kontena, soma kwanza kibati cha nyuma. Kuna nchi umeme wake ni volti 120 na hezi 60, yani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, kama Amerika ya Kaskazini, na Saudi Arabia pia wanatumia hezi 60. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiipeleka kwenye nchi ya hezi 50 kama kwetu inaweza kuzunguka taratibu na kupata moto kuliko ilivyopangiwa, na transfoma inabadilisha volti tu, hezi haizigusi. Alafu vipuri vyake nyumbani unaweza usivipate.

Hatua ya pili: tumia likizo moja kuhesabu, sio kuhisi

Likizo yako ya mwisho kabla ya kurudi moja kwa moja, tenga wiki moja ya kuzunguka. Hoteli kubwa achana nazo, nyingi zina laundri zao. Unaowatafuta ni wenye vyumba 10 mpaka 30, wale ambao ni wadogo mno kununua mashine za maana ila ni wakubwa mno kufulia mikono. Saluni na jim ni wateja wazuri wa nyongeza kwa sababu ya taulo. Kliniki ziache kwanza, nguo za wagonjwa zina utaratibu wake wa kuua vijidudu, kwa mfano joto la nyuzi 65 lisilopungua dakika 10, na lazima zitenganishwe na za wengine kuanzia mfuko wa kubebea mpaka meza ya kukunjia, sio kitu cha kuanza nacho.

Ukifika gesti usianze na "nataka kufungua laundri je utaniunga mkono", kila mtu atakujibu ndio na hiyo ndio haina maana yoyote. Uliza maswali yenye majibu ya namba. Vyumba vingapi? Wiki iliyopita vilijaa vingapi? Mashuka mnabadilisha kila siku au mgeni akitoka? Nani anafua sasa hivi na analipwaje? Kila kitanda kina seti ngapi za mashuka? Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Gesti yenye afya ina seti tatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja inafuliwa, moja stoo. Ukikuta wana seti mbili au moja na nusu, jua watakupigia simu saa tano asubuhi wakitaka mashuka ya saa nane mchana, na mvua ikinyesha siku moja mmeshagombana. Mteja kama huyo unaweza kumchukua ila mwambie mapema aongeze seti.

Alafu omba uyashike mashuka yao. Yakiwa ya kijivu, magumu, na yananuka unyevu ukiyakunjua, hapo una la kumuonyesha, chukua moja ukalifue na umrudishie, hilo litakuuza kuliko maneno.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuseme umepata gesti nne za vyumba 15, jumla vyumba 60, na kwa wastani nusu vina watu, ambapo vyumba kama 20 kwa siku ndo vinabadilishwa. Chumba kimoja kinatoa mashuka mawili makubwa kama kilo moja na nusu, foronya nne kama gramu 600, taulo mbili za kuogea kama kilo moja, na ile ya kukanyagia gramu 300 hivi. Jumla tuseme kilo 3 na nusu. Mara vyumba 20 ni kilo 70 kwa siku. Hii namba 70 ndo itaamua kila kitu kinachofuata, mashine, tanki, umeme, mpaka bei, kwa hiyo usiikisie, nenda na mzani wa kuning'iniza upime seti ya kila mteja.

Hatua ya tatu: mashine, maji na umeme

Kwa kilo 70, mimi ningenunua mashine mbili za kilo 10, sio moja ya kilo 20. Mashine ya kilo 10 ukiijaza kilo 8 ndo inafua vizuri, nguo zinapata nafasi ya kuanguka na kujipiga. Kilo 70 ni kama mizunguko 9, mzunguko mmoja lisaa limoja, kwa mashine mbili umemaliza ndani ya masaa matano. Ikiharibika moja unafanya kazi masaa tisa ila mzigo unatoka. Ukiwa na ile moja kubwa ikiharibika wateja wote wanne wanalala bila mashuka siku hiyo hiyo, na hawatakusubiri.

Ukiwa dukani usiangalie ukubwa wa tumbo tu, uliza nguvu ya kukamua. Mashine za biashara zinaandikwa namba inayoishia na G. Mashine dhaifu inatoa shuka likiwa bado na maji karibu asilimia 90 ya uzito wake mkavu, yenye G zaidi ya 300 inaweza kuacha kama asilimia 60. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu kukausha lita moja ya maji kwenye draya ya kawaida kunakula takribani uniti moja ya umeme. Kilo 70 zikibaki na asilimia 60 ya maji ni lita 42, yani uniti 42 kwa siku, zikibaki na asilimia 90 ni lita 63. Hizo uniti 21 za tofauti unazilipa kila siku kwa sababu siku ya kununua uliangalia bei ya mashine peke yake.

Na hata hizo 42 ni nyingi kwa anayeanza, kwa hiyo kama kuna jua na uwanja usio na vumbi mashuka yaende kwenye kamba, draya ndogo ibaki kwa taulo na siku za mvua. Taulo zikikauka juani zinakuwa ngumu, ndani ya draya zinainuka na kuwa laini, na mgeni wa hoteli taulo ndo anaisikia mwilini. Taulo za vyumba 20 ni kilo 20, maji yake lita 12, kwa hiyo uniti 12 tu. Draya kubwa za biashara mara nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, muulize fundi umeme kabla hujasaini pango, sio baada.

Maji hesabu lita 20 kwa kila kilo, kwa hiyo lita 1,400 kwa siku. Weka tanki la angalau siku mbili, lita 3,000. Na kabla hujachagua eneo pima maji yake. Chukua ndoo nyeupe, jaza maji ya pale, weka vijiko viwili vya blichi ya klorini, acha usiku mzima. Asubuhi ukikuta maji yamekuwa ya njano au rangi ya kutu, yana chuma, na hayo hata utie sabuni gani yatageuza mashuka meupe kuwa ya njano taratibu. Hapo tafuta eneo lingine au weka hela ya chujio la kuondoa chuma kwenye bajeti. Sabuni ikigoma kutoa povu kabisa na ndani ya birika kuna ukoko mweupe, maji ni magumu, utatumia sabuni nyingi zaidi na hilo liingie kwenye bei yako. Muulize pia mwenye nyumba maji machafu yanaenda wapi na jibu lake liandikwe kwenye mkataba, lita elfu moja na mia nne kila siku zinajaza shimo haraka sana.

Hatua ya nne: igawe akiba kabla ndugu hawajakugawia

Akiba yote iite 100. Mimi ningeigawa hivi: 40 mashine, tanki na kufunga umeme na mabomba, 25 hela ya mzunguko, 20 matumizi yako ya nyumbani kwa miezi minane, na 15 isiguswe kabisa. Usajili, leseni na vibali vya eneo lako vitoe kwenye ile 40. Kama 40 haitoshi mashine mbili mpya, nunua zilizotumika ambazo fundi wako amezifungua na kuona beringi zake, ila usiichukue ile 25 ukaongezea kwenye mashine.

Hiyo 25 ndo inayookoa laundri nyingi. Hoteli na gesti zinalipa kwa mwezi, unafua mwezi wa kwanza wote, unapeleka invoisi, wanalipa siku 30 baadae, wengine 45. Maana yake unanunua sabuni, unalipa umeme na mishahara miezi miwili mpaka miwili na nusu kabla hela ya maana haijaingia. Hapo biashara inakuwa na wateja, inafanya kazi vizuri, na bado inakufa kwa sababu hakuna hela ya luku ya kesho. Jaribu kupata malipo ya kila wiki, hata kwa kupunguza bei kidogo, na mteja mpya atangulize wiki mbili.

Kuhusu ndugu, wakijua umerudi watakuja na wana haki ya kufurahi na wewe. Panga kiasi cha zawadi na misaada kabla hujashuka kwenye ndege, kitoke kwenye ile 20, kikiisha kimeisha. Na hela ya biashara usiitume mbele ili mtu akununulie mashine au akujengee banda wakati wewe bado uko nje. Hata akiwa mwaminifu kabisa hajui kusoma kibati cha mota, na kosa lake utalilipa wewe.

Hatua ya tano: bei

Usiige bei ya dobi wa mtaani anayefua kwa ndoo. Fanya hesabu ya kilo. Mfano, sema bei yako ni 10 kwa kilo, kwa hela yoyote ile. Sabuni, maji, umeme na usafiri vinakula 4, inabaki 6. Sasa jumlisha vile vinavyolipwa hata usipofua kitu, pango, mishahara, mlinzi, matengenezo, tuseme 6,000 kwa mwezi. Gawanya 6,000 kwa 6, unapata kilo 1,000. Yani chini ya kilo 1,000 kwa mwezi unakula mtaji. Kilo 70 kwa siku 26 ni 1,820, kwa hiyo zile 820 za juu mara 6 zinakuachia 4,920, ambapo utatoa mshahara wako na ya kubadilishia mashine baadae.

Sasa ijaribu hesabu hiyo hiyo kwa msimu mbaya. Gesti zikishuka mpaka robo ya vyumba, unafua kilo 35 kwa siku, 910 kwa mwezi, upo chini ya mstari. Ndo maana unahitaji saluni na jim ambazo hazifuati msimu wa wageni, na ndo maana ile 15 isiyoguswa ipo. Ukiona hata mwezi wa kawaida hesabu haivuki 1,000, usifungue kwanza, ongeza wateja kwenye karatasi kabla ya kununua mashine.

Hatua ya sita: mteja mmoja, wiki mbili

Usiwachukue wote wanne siku moja. Anza na mmoja, na kitu cha kwanza kabla ya sabuni ni kuhesabu. Mnahesabu pamoja pale kwake, mashuka mangapi, taulo ngapi, zenye doa au tundu zinaandikwa, karatasi nakala mbili, wote mnasaini, na wakati wa kurudisha hivyo hivyo. Taulo zinapotea kwa wageni, zinabebwa na wafanyakazi, zinatumika kufutia viatu, na kama huna karatasi zote zitakuwa zimepotelea kwako. Kila mteja apewe rangi yake ya uzi inayoshonwa kwenye kona ya shuka, maana nyeupe zote zinafanana zikishachanganyika. Kwenye mkataba andikeni pia kipande kikipotea kwako unalipa vipi, shuka lililofuliwa miaka miwili halilipwi kama jipya.

Hizo wiki mbili ndo za kurekebisha dawa zako. Mashuka yakigeuka kijivu, umejaza mashine kupita kiasi au sabuni ni kidogo kwa maji yako. Yakiwa na utelezi ukiyaloanisha tena, au mgeni analalamika kuwashwa, sabuni haijatoka, ongeza suuzo moja, na nunua vile vikaratasi vya kupimia ukali, chovya kwenye maji ya suuzo la mwisho na kwenye maji ya bomba, rangi zikaribiane. Yakianza kuchanika katikati yakiwa bado mapya, blichi imezidi au imeingia maji yakiwa ya moto sana. Harufu ya unyevu inatoka kwenye kukunja shuka ambalo halijakauka kwenye pindo, shika pindo na sio katikati kabla hujakunja.

Wiki mbili zikipita bila kipande kupotea na bila mzigo kuchelewa, chukua wa pili, alafu subiri tena. Mashine ya tatu au ile roli ya kunyooshea usiinunue kwa sababu umepata mteja mkubwa anayeahidi. Inunue pale mashine zako mbili zinapopita masaa nane kila moja kwa wiki sita mfululizo, invoisi za miezi mitatu zimelipwa zote, na hela ya kuinunua imetoka kwenye faida wakati ile 15 bado ipo benki kama ulivyoiacha.